Simu ya Kwanza ya Video: Nyanya wa Jericho na Mjukuu Aliye Minnesota

Simu ya kwanza ya video ya nyanya hufaulu au hukwama kabla sura ya mjukuu haijatokea, na mara nyingi kinachoikwamisha ni namna kidole kinavyogusa kioo. Nyanya wengi wa Jericho, Kaloleni na Maringo, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, wanaopewa simu janja kwa mara ya kwanza wamekuwa na simu ya mkononi kwa miaka mingi. Wanajua kupiga na kupokea, wanatuma na kupokea pesa kwa M-PESA tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007 au muda mfupi baadaye, na kredo ikikaribia kuisha wanajua. Lakini yote hayo waliyajifunza kwenye kabambe. Katika kabambe kitufe cha kijani hupiga na kupokea, chekundu hukata, na kila kimoja hukaa mahali pake siku zote. Katika simu janja sehemu moja ya kioo huwa picha ya mtu sasa hivi, kitufe cha kukata baadaye kidogo, kisha isiwe kitu chochote. Mkono uliozoea vitufe hauna pa kushika.

Kabambe pia huufundisha mkono kubonyeza kwa nguvu na kungoja kitufe kiitike. Kioo cha simu janja hakipimi nguvu. Huhisi badiliko dogo la umeme ngozi yenye unyevu inapokigusa, na huhesabu muda ambao kidole kimekaa hapo. Kwa simu nyingi za Android, kidole kikikaa karibu nusu sekunde, simu huona kwamba kimeshikilia, na kushikilia huleta jambo tofauti kabisa na kugusa. Nyanya anayebonyeza alama ya WhatsApp kama alivyobonyeza kabambe huona menyu ndogo ikifunguka, au alama yenyewe ikianza kuhama. Akishikilia jina la mjukuu ndani ya WhatsApp, alama ya tiki hutokea kwenye jina na juu ya kioo hujitokeza vitufe vya kufuta na kuhifadhi mazungumzo. Hapo ndipo husema, "Nimeharibu simu ya watu," na kuiweka mezani. Hajaharibu kitu. Kitufe cha kurudi nyuma huondoa yote hayo.

Ugumu wa pili ni ukavu wa ngozi. Ngozi ya vidole hukauka kwa umri, na vidole vilivyofua kwa sabuni na kushika makaa kwa miaka hamsini hukauka zaidi, kiasi kwamba kioo mara nyingine hakivitambui kabisa. Dalili yake ni rahisi kuijua: kijana akigusa mahali pale pale simu inaitika, nyanya akigusa haiitiki, ingawa amegusa sawasawa. Kugusisha ncha ya kidole kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kuanza hutosha. Asipoambiwa hivyo, nyanya huongeza nguvu na muda, na simu huona ameshikilia.

Chukua mfano wa nyanya wa miaka 74 anayeishi katika nyumba iliyokuwa ya halmashauri ya jiji huko Jericho. Mjukuu wake wa kike yuko Minnesota, anasoma na kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Simu janja imeletwa na jamaa aliyekuja likizo, ambaye aliitoa kwenye boksi, akaiwasha, akaondoka. Mwalimu aliyebaki ni kijana wa jirani, mtoto aliyelelewa kwenye uwanja ule ule, anayemwita nyanya huyo shosho kama wanavyomwita watoto wote wa laini ile ya nyumba.

Kazi ya kwanza ya kijana huyo si kufundisha. Ni kuitengeneza simu iwe ngumu kukosea, na hii ni kazi ambayo nyanya hahitaji kuiona. Kwenye mipangilio huongeza ukubwa wa maandishi. Chini ya Accessibility hutafuta Touch & hold delay na kuiweka kwenye muda mrefu zaidi, ili kidole kinachochelewa kihesabiwe kuwa kimegusa tu. Majina ya sehemu hizi hutofautiana kidogo kutoka simu moja hadi nyingine, lakini simu nyingi za Android zina mpangilio huo, na huenda ndio unaomsaidia mzee kuliko wowote na unaojulikana na wachache kuliko yote. Kisha huhifadhi namba ya mjukuu ikianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, yaani +1 kwa Marekani. Namba ikihifadhiwa bila mwanzo huo, WhatsApp haitamwona mtu huyo hata kama anaitumia kila siku. Mjukuu naye upande wake huhifadhi ya nyanya kwa +254, akiiacha sifuri ya mwanzo.

Baada ya hapo huweka picha ya mjukuu kwenye ukurasa wa kwanza wa simu. WhatsApp ya Android hukubali jambo hilo: mazungumzo ya mtu yakifunguliwa, kwenye vidoti vitatu vya juu kuna More, na ndani yake Add shortcut. Sura ya mjukuu hukaa peke yake kwenye kioo, na nyanya hahitaji kusoma orodha ya majina wala kukumbuka alama ya kijani. Njia yote huwa na hatua mbili, kugusa sura na kugusa alama ya kamera iliyo juu ya mazungumzo. Katika matoleo mengi alama ya kamera na ya simu ya kawaida zimekaa jirani, kwa hiyo inafaa kumwonyesha zote mbili na kumwambia ni ipi inayoonyesha sura.

Limebaki jambo la ruhusa. Mara ya kwanza WhatsApp inapotaka kupiga video, simu huuliza kama inaruhusiwa kutumia kamera na kipaza sauti. Mzee aliyeonywa juu ya matapeli, na wa Eastlands wote wameonywa, hugusa jibu la kukataa, na hafanyi vibaya kuhofia swali asilolielewa. Lakini tangu hapo mjukuu ataona giza au hatasikia kitu, na hakuna atakayejua sababu. Ni heri kijana apige simu moja fupi ya majaribio yeye mwenyewe, ajibu While using the app kwa maswali yote mawili, na jambo hilo liishe kabla nyanya hajaishika simu.

Somo lenyewe huanza na kupokea. Wengi huanza na kupiga, na hapo huanza vibaya, kwa kuwa kupiga kunataka kutafuta, kuchagua na kungoja, na kupokea kunataka kitendo kimoja tu. Tena kupokea ndiko kutakakotokea mara nyingi zaidi, kwa kuwa mjukuu mwenye zamu kazini ndiye anayejua saa yake ya nafasi. Tatizo la kupokea ni kwamba kwa simu nyingi za Android kuna namna mbili. Simu ikiwa imelala na kioo kimezimika, wito hujaza kioo na kitufe cha kupokea kiko chini. Hakiguswi, bali husukumwa juu kwa kidole. Simu ikiwa inatumika wakati huo, kibandiko kidogo hutokea juu ya kioo chenye vitufe viwili vya kugusa, cha kukataa na cha kupokea. Nyanya aliyefundishwa namna moja hukwama kwa nyingine na kudhani amesahau. Suluhisho la kijana wa Jericho ni kumfundisha ile ya kusukuma juu peke yake, na kumzoesha kukizima kioo na kuilaza simu mezani kila anapomaliza, ili wito wowote uikute simu ikiwa imelala.

Mazoezi hufanywa ndani ya nyumba. Kijana hukaa jikoni na kumpigia, nyanya akiwa sebuleni. Mkono wa mwalimu haugusi simu ya nyanya, hata wito ukikatika, hata ukipita bila kupokewa. Jambo hili ni gumu kwa vijana kuliko linavyoonekana. Kijana mwenye haraka hunyoosha mkono, huchukua simu, hufanya mambo matatu kwa sekunde mbili, huirudisha na kuuliza, "Umeona, shosho?" Nyanya ameona kidole kikipita. Mkono wake haujajifunza kitu, kwa kuwa kitendo hiki hukaa kwenye mkono unaokifanya, kama kusuka kikapu. Basi kijana husema tu kutoka jikoni: "Weka kidole kwenye kile cha kijani. Usikibonyeze. Kipeleke juu." Hupiga tena, na tena, mpaka nyanya anapokea huku akiendelea na maneno mengine, na hapo ndipo mtu hujua kwamba limeingia.

Kupiga hufuata siku nyingine. Hapa kuna mtego ambao hauonekani na anayejua. Nyanya anapogusa alama ya kamera, sura inayojaza kioo ni yake mwenyewe. Mjukuu bado hajapokea, na kamera ya mbele imeshawaka. Wengi hudhani wamefungua kamera ya picha kimakosa, na hukata. Ni lazima aambiwe mapema kwamba atajiona kwanza, na kwamba mjukuu akipokea, sura ya nyanya itapungua na kuhamia pembeni. Juu ya kioo kuna neno ambalo nyanya anaweza kulisoma au kulitambua kwa umbo. Likiwa Calling, wito umetoka lakini haujafika kwenye simu ya mjukuu, pengine imezimwa au haina intaneti. Likigeuka kuwa Ringing, simu ya mjukuu inalia. Tofauti hiyo ndogo humwondolea nyanya mzigo mkubwa: Calling isipobadilika kwa muda wote ilhali intaneti ya nyumbani iko sawa, shida iko Minnesota. Yeye hajakosea chochote.

Siku ya simu yenyewe huchaguliwa kwa saa. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima, Minnesota hubadilisha. Tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Minnesota huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na miezi iliyobaki kwa saa 9. Jumapili saa kumi jioni, nyanya akishatoka kanisani na kula, ni saa mbili asubuhi kwa mjukuu wakati wa kiangazi cha huko. Simu ya nyanya itaandika 16:00 au 4:00 PM, na ya mjukuu 8:00 AM, kwa hiyo wawili hawa huelewana vizuri zaidi wakitaja wakati wa siku pamoja na saa, hasa mjukuu akiwa amezaliwa huko na hajazoea kuhesabu saa za Kiswahili. Inapofika Novemba, wito wa saa kumi utamkuta mjukuu saa moja asubuhi, na kama amelala baada ya zamu ya usiku, hatapokea. Nyanya asiyejua kwamba saa za huko zimesogea huhesabu majuma ya wito usiopokewa na kuanza kujiuliza kama kuna ugonjwa, au ugomvi.

Basi Jumapili hiyo nyanya anagusa sura, anagusa kamera, anajiona, anangoja. Mjukuu anapokea. Tendo la kwanza la nyanya ni kuipeleka simu sikioni.

Hilo hutokea karibu kila mahali, na chanzo chake ni miaka ya mazoea ya kabambe. Mjukuu anaona sikio na ukingo wa kitambaa cha kichwa, na nyanya haoni kitu. Kumkumbusha kwa maneno hakusaidii sana, kwa kuwa mkono huenda wenyewe anaposikia sauti aipendayo. Kinachosaidia ni simu isishikwe. Ikiegemezwa kwenye mkebe wa majani chai au kopo la sukari juu ya meza, kwa urefu wa kifua, mkono hauna cha kupeleka sikioni, na picha haitingishiki. Katika wito wa video sauti hutoka kwenye spika kwa kawaida, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Nyanya mwenye macho ya kuona mbali naye huona vizuri zaidi simu ikiwa umbali wa mkono. Kama ni lazima aishike, aonyeshwe tundu dogo la kipaza sauti, ambalo kwa simu nyingi liko ukingo wa chini. Kidole kikiliziba, mjukuu huanza kusema, "Shosho, sikusikii," nyanya huongeza sauti, na majirani wote husikia habari za familia ilhali Minnesota haisikii.

Mahali pa kuweka hiyo meza pana maana kubwa. Nyumba za zamani za Eastlands zina kuta nene na madirisha madogo, na sebule hupata mwanga wake mwingi kupitia mlango. Nyanya hupenda kukaa akiupa mlango mgongo, ili simu nayo isimulikwe na jua. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, huona mlango mweupe, hupunguza mwanga, na uso wa nyanya huwa kivuli. Mjukuu huona umbo lisilo na macho. Kiti kikigeuzwa, nyanya akautazama mlango na simu ikaupa mgongo, uso hutoka wazi bila taa yoyote. Kuta hizo nene pia hudhoofisha mawimbi ya simu, na hii ni sababu nyingine ya kukaa karibu na mlango au dirisha, hasa jioni watu wanaporudi kutoka kazini na mtaa mzima unapoingia mtandaoni kwa wakati mmoja.

Mtandao ukilegea, WhatsApp huiacha picha kwanza ili kuokoa sauti. Sura ya mjukuu huganda mdomo ukiwa wazi, huku sauti yake ikiendelea. Kwa mzee asiyeambiwa, picha hiyo inatisha. Wapo wanaodhani mjukuu ameanguka au kupata kifafa. Kijana huwa amelisema hili kabla ya siku yenyewe: picha ikiganda, sikiliza sauti, na usikate. Likitokea neno Reconnecting, simu inatafuta njia tena, na kungoja kidogo kunatosha. Ikiganda mara kwa mara, mjukuu azime video upande wake na wazungumze kwa sauti tu, kisha waiwashe tena baadaye.

Lipo jambo lingine ambalo halionekani kwenye kioo, nalo huharibu mazungumzo zaidi ya yote yaliyotajwa. Sauti huchelewa. Kutoka Nairobi mawasiliano hushuka Mombasa kwa faiba, kisha kwa kawaida hupanda na nyaya za chini ya bahari kupitia Bahari ya Shamu hadi Ulaya, na kuvuka Atlantiki. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo peke yake hula karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Simu zote mbili huongeza muda wa kubana na kubanua picha na sauti, na wa kukusanya kiasi fulani ili sauti isikatikekatike. Pendekezo la ITU, muungano wa kimataifa wa mawasiliano ya simu, ni kwamba ucheleweshaji wa hadi milisekunde 150 kwa upande mmoja hausumbui watu wengi, na kwamba usipite 400. Wito kati ya Jericho na Minnesota hukaa mara nyingi katikati ya namba hizo. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu kulikula robo sekunde. Waliowahi kupiga simu za ng'ambo enzi hizo wanakumbuka jinsi maneno yalivyogongana.

Ucheleweshaji huo huziumiza salamu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mazungumzo. Salamu za nyanya ni za kupokezana haraka: hujambo, sijambo, watu hawajambo, umekula, baridi je, kanisani mlienda. Kila swali huulizwa kabla jibu la kwanza halijaisha, na nyumbani hakuna anayeona shida. Kwenye simu hii jibu huchelewa kidogo, nyanya hudhani hajasikiwa, hurudia, na kurudia kwake hugongana na jibu lililokuwa njiani. Wote hunyamaza, kisha wote huanza tena pamoja. Dakika mbili za namna hiyo humfanya mzee aseme mtoto amebadilika, hana maneno. Anayepaswa kujirekebisha ni mjukuu, aliye mzoefu: aulize jambo moja, anyamaze mpaka nyanya amalize kabisa, na aitike kwa kichwa mbele ya kamera wakati nyanya anasema. Itiko la kichwa halikatizi sauti. Hapa ndipo picha inapofanya kazi ambayo simu ya kawaida haiwezi.

Gharama nayo ina kawaida zake. Wito wa video wa WhatsApp hula takriban MB 5 kwa dakika, pengine chini au zaidi kulingana na ubora wa mtandao, kwa hiyo dakika 20 ni kama MB 100. Wito wa sauti tu ndani ya WhatsApp hula sehemu ndogo ya hapo. Bando hununuliwa kwa Safaricom kupitia *544#, na lisipokuwapo, simu inaweza kuanza kula kredo kwa bei iliyo juu zaidi. Lakini nyanya anayelalamika kwamba bando la jana limekwisha bila kupiga simu kwa kawaida anasema kweli. Kundi la kanisa, la chama na la ukoo hutuma picha na video mchana kutwa, na WhatsApp hupakua nyingi yenyewe. Kwenye mipangilio, chini ya Storage and data, kuna sehemu ya kuzuia upakuaji huo simu ikitumia bando. Hapo hapo kuna Use less data for calls, inayopunguza matumizi wakati wa wito. Penye waifai ya faiba, kama ilivyo sasa katika sehemu nyingi za Buruburu na Umoja, hesabu hii haina uzito, ila stima ikipotea waifai hupotea nayo, na nyanya anahitaji bando dogo la akiba.

Kwa familia ambazo mjukuu wao yuko Dubai hali ni nyingine kabisa. Umoja wa Falme za Kiarabu huruhusu ujumbe wa WhatsApp lakini huzuia wito wake wa sauti na video. Jumbe hufika, picha hufika, lakini wito hauunganiki, na nyanya hulaumu mikono yake. Watu wa huko hutumia programu zilizopewa kibali, na inayojulikana zaidi ni Botim, ambayo lazima iwekwe kwenye simu ya nyanya pia na kufundishwa upya, kwa kuwa vitufe vyake havikai mahali pale pale. Saa za Dubai ziko mbele ya Nairobi kwa saa 1 tu na hazibadiliki, na huo ndio upande rahisi wa mambo.

Baada ya simu ya kwanza kufaulu, hatari hubadilika sura. WhatsApp ya nyanya imefunguliwa kwa namba ya siri ya tarakimu 6 iliyokuja kwa ujumbe, na tapeli anayetaka kuiteka hupiga simu kwa upole na kuomba asomewe namba iliyoingia. Mwingine hutuma ujumbe kwa namba ngeni: "Shosho ni mimi, nimebadilisha laini, nitumie pesa kidogo." Tangu Agosti 2023 WhatsApp pia ina njia ya kumwonyesha mtu kioo chote wakati wa wito wa video, na anayejifanya mhudumu wa benki anaweza kumshawishi mzee aiwashe, kisha akasoma kila ujumbe unaoingia. Kijana awashe Two-step verification kwenye akaunti ya nyanya na kuiandika namba ya siri ya ulinzi huo mahali familia inapopajua. Yanayobaki nyanya mwenyewe anayaweza, kwa ujuzi alioupata wiki hiyo: namba inayoingia kwa ujumbe hasomewi mtu yeyote, na mjukuu anayeomba pesa kwa laini mpya apigiwe kwanza kwa video kupitia ile sura iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa simu. Asipopokea, M-PESA isubiri.